Kijana amepewa 1,000 za zawadi: namna ya kumfundisha kuziwekeza

Swali hili hunifikia kila baada ya miezi michache, na halibadiliki sana: "Binti yangu ana miaka 15, bibi yake amempa pesa kidogo, nataka azizalishe badala ya kuzila. Anunue hisa gani?" Wanaouliza huwa wanasubiri jina la kampuni, nami sina la kuwapa. Pesa za zawadi ni chache mno kumtajirisha mtu. Lakini zinatosha kabisa kumkosesha kijana usingizi usiku mmoja, siku zitakaposhuka thamani, na usiku huo utakuja. Kazi yako ni kumwandaa kabla haujafika. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko.

Nitatumia zawadi ya 1,000. Isome kwa fedha yoyote unayotumia, na kama zawadi yenu ni kubwa au ndogo zaidi, hesabu zipande au zishuke kwa kiwango hicho hicho. Kijana ninayemfikiria ana kati ya miaka 13 na 17.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Pesa ambayo haina kazi nyingine. Kama kuna ada ya shule inayoinyemelea, mwongozo huu si wenu kwa sasa.
- Muda. Sehemu itakayoingia sokoni isiguswe kwa miaka 5 au zaidi.
- Akaunti ya uwekezaji inayofunguliwa na mzazi au mlezi kwa niaba ya mtoto. Katika nchi nyingi mtu aliye chini ya miaka 18 hawezi kutia saini mkataba wa namna hii peke yake. Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: mali ni ya nani kisheria, kodi ya faida inahesabiwa kwa nani, na mtoto anakabidhiwa lini.
- Daftari, kalamu, na dadu moja ya kawaida.
- Makubaliano kati ya watu wazima wa nyumbani kwamba hasara haitafidiwa kimya kimya. Mara nyingi hapa ndipo mambo huharibika. Mjomba mwenye huruma anayerudishia 40 zilizopotea anakuwa amemfundisha kijana kwamba hasara hulipwa na mtu mwingine.

Hatua ya 1: Muulize pesa ni za nini, kisha nyamaza

Mpe kalamu aandike mwenyewe. Swali ni moja: "Ungependa pesa hizi zifanye nini, na lini?" Atasema simu mwakani, au kompyuta atakapoingia chuo, au atasema hajui. Yote ni majibu. Usimsahihishe, kwa sababu unachokitafuta hapo ni tarehe tu.

Tarehe ndiyo inayoamua pesa zikae wapi. Kitu cha ndani ya miaka 3 kinawekwa kwenye akiba. Kitu cha baada ya miaka 5 kinaweza kuingia sokoni. Kilicho katikati kigawanywe.

Akiuliza kwa nini, mwonyeshe mfano mmoja wa kweli. Fahirisi ya S&P 500, inayopima bei za hisa za kampuni takriban 500 kubwa za Marekani, ilishuka kwa asilimia 57 hivi kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009. Mwaka 2013 ndipo iliporudi pale ilipokuwa kabla ya kushuka. Aliyehitaji pesa zake mapema Machi 2009 aliuza kwa nusu ya bei au chini yake. Aliyeweza kungoja alizipata zote. Kisha mwonyeshe mwaka 2020: fahirisi hiyo hiyo iliporomoka kwa asilimia 34 kuanzia Februari hadi Machi, na kufikia Agosti ilikuwa imeshapanda kupita pale ilipoanzia kuanguka. Mporomoko mmoja ulichukua zaidi ya miaka 5 kupona, mwingine miezi. Hakuna aliyejua mapema ni upi utakuwa upi.

Hatua ya 2: Gaweni mafungu manne

Mgawanyo ninaoupenda kwa 1,000 ni huu:

- 100 za kutumia sasa, bila maswali.
- 200 za akiba, mahali anapoweza kuzichukua wakati wowote.
- 600 za mfuko unaofuata soko zima, yaani unaonunua hisa za kampuni nyingi kwa pamoja.
- 100 za kampuni moja atakayoichagua yeye.

Wazazi wengi hulipinga fungu la kwanza. Liacheni. Kijana aliyenyimwa hata kiatu kutokana na zawadi yake mwenyewe atauona uwekezaji kama njia mpya ya watu wazima ya kumnyang'anya.

Fungu la akiba nalo lina hatari yake, na inafaa aijue mapema ili asidhani hatari iko kwenye hisa tu. Tuseme akiba inalipa asilimia 3 kwa mwaka na bei za vitu zinapanda kwa asilimia 6. Mwisho wa mwaka 200 zimekuwa 206, lakini 206 hizo zinanunua vitu ambavyo leo vingenunuliwa kwa 194. Namba imeongezeka na uwezo umepungua. Kijana akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini hatuweki zote 1,000 kwenye akiba.

*Kosa la kawaida:* kuweka fungu la kampuni moja kuwa kubwa kwa sababu "ndilo lenye msisimko". Fungu hilo ni la darasa. Likipotea lote, asilimia 90 ya zawadi bado ipo.

Hatua ya 3: Chezeni dadu kabla ya kununua chochote

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. Ipeni jioni nzima.

Andikeni juu ya ukurasa: 600. Kila mrusho wa dadu ni mwaka mmoja. Zidisheni kwa kufuata orodha hii:

1: inashuka kwa asilimia 30
2: inashuka kwa asilimia 5
3: inapanda kwa asilimia 10
4: inapanda kwa asilimia 15
5: inapanda kwa asilimia 20
6: inapanda kwa asilimia 30

Mwache kijana akokotoe wastani mwenyewe. Jumla ni 40, ukigawa kwa 6 unapata karibu asilimia 7 kwa mwaka. Atafurahi. Pande nne kati ya sita zinampa faida.

Nilipocheza na mpwa wangu, alipata 4, kisha 1, kisha 1 tena, kisha 5, 3, na 6. Aliandika: 690, 483, 338, 406, 446, 580. Miaka sita ilikuwa imepita na hajafika hata 600 alizoanza nazo. Akaangalia karatasi, akasema, "Wastani wa wapi huu?" Swali hilo ndilo nililolisubiri jioni nzima.

Jibu lake liko kwenye hesabu, na afadhali alione kwa mkono wake. Chukua 100, ipunguze kwa asilimia 30, unabaki na 70. Ili 70 zirudi kuwa 100 zinahitaji kupanda kwa asilimia 43, kwa sababu sasa zinapanda kutoka mahali pa chini. Ukipoteza nusu, unahitaji asilimia 100 kurudi ulipokuwa. Kushuka na kupanda kwa asilimia ileile hakukurudishi ulipoanzia. Wastani wa karibu 7 ulikuwa wa kweli, ila hakuna mtu anayeishi ndani ya wastani. Kila mmoja anaishi na mirusho yake kwa mpangilio ulioangukia.

Sasa rudieni mchezo kwa kanuni mpya. Kila ikitoka 1, mchezaji anaogopa, anauza zote, anakaa nje kwa mirusho miwili, kisha anarudi. Usimdanganye kuhusu matokeo. Kwenye mirusho ya mpwa wangu, kuuza kungemsaidia: angetoka akiwa na 483, akaepuka 1 ya pili, na hata kwa kuikosa 5 angekuwa mbele ya 406. Alinionyesha hilo kwa furaha kubwa. Nikamwambia tucheze mara kumi zaidi. Katika mara hizo kumi, mwoga alishinda chache na kushindwa nyingi, kwa sababu dadu haikumbuki kilichotoka, na mirusho anayoikimbia ina pande nne za faida dhidi ya mbili za hasara.

Mwambie na mipaka ya mchezo. Soko la kweli linaweza kushuka zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka, na hakuna aliyeweka dhamana kwamba pande za faida ni nne. Dadu inafundisha namna hasara inavyofanya kazi kwenye hesabu, lakini kuhusu mwaka ujao haina la kusema.

Hatua ya 4: Aandike ahadi kwa namba, kabla ya kununua

Asiandike asilimia. Aandike pesa. "Asilimia 20" haimuumizi mtu, lakini "600 zimekuwa 480" inauma, na tunataka aandike akiwa ameshaionja. Ukurasa wa mpwa wangu ulikuwa hivi, na unaweza kuuazima:

"Nikiona 600 zimekuwa 480 sitauza. Nitasubiri siku 30 na nitaongea na mama. Zikiwa 300 nitafanya hivyo hivyo. Nitauza kwa sababu tatu tu: tarehe yangu imefika, ninahitaji pesa kwa jambo nililoliandika ukurasa wa kwanza, au mfuko umebadilisha ada yake au kitu unachonunua. Sitaongeza pesa ya kukopa."

Atie saini na tarehe. Wewe pia tia saini chini yake, na uandike ahadi yako: hutauza bila yeye kujua, na hutamfidia.

Sababu ya kuandika mapema ni kwamba akili inayotulia leo na akili itakayoamka soko likiwa limeanguka hazifanani. Ukurasa huo ni barua kutoka kwa ile ya kwanza kwenda kwa ile ya pili.

Hatua ya 5: Chagueni mfuko kwa kusoma ada

Mfuko unaofuata fahirisi hukusanya pesa za watu wengi na kununua kampuni zote zilizomo kwenye orodha fulani, bila msimamizi wa kubashiri ipi itang'ara. Mfuko wa kwanza wa namna hii kwa wawekezaji wa kawaida ulianzishwa Marekani na John Bogle mwaka 1976. Mahali ulipo kama hakuna mfuko wa aina hiyo, tafuta mfuko wa pamoja wa hisa wenye kampuni nyingi na ada ndogo. Hatua zinazofuata hazibadiliki.

Chukueni waraka wa mfuko msome pamoja. Mtafutie kijana majibu ya maswali manne tu: unamiliki nini, ada ya mwaka ni kiasi gani, kuna ada ya kuingia au kutoka, na je, mfuko una leseni ya mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji? Leseni hakikisheni kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Nembo iliyobandikwa kwenye tangazo haitoshi.

Ada ndiyo inayostahili dakika zenu nyingi, kwa sababu huonekana ndogo. Tuseme 600 zinakua kwa asilimia 7 kwa mwaka kabla ya ada, kwa miaka 20. Mfuko unaotoza asilimia 0.2 kwa mwaka utawaachia karibu 2,237. Unaotoza asilimia 2 utawaachia karibu 1,592. Tofauti ni 645, yaani zaidi ya 600 zote mlizoweka mwanzoni, na imeondoka bila mtu kuja kuidai. Mpe kijana kikokotoo aipate mwenyewe. Huzidisha 600 kwa 1.068 mara ishirini, kisha 600 kwa 1.05 mara ishirini. Asilimia 7 hiyo ni ya kufanyia hesabu tu, hakuna aliyeiahidi.

Jambo la pili ni upana. Fahirisi ya Nikkei 225 ya Japani ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, ikaporomoka, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Hiyo ni zaidi ya miaka 34. Nchi haikufilisika na kampuni ziliendelea kufanya kazi, ila bei za mwaka 1989 zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Kwa hiyo mkiweza kupata mfuko wenye kampuni za nchi nyingi, uchukueni huo mbele ya ule wa nchi moja.

Hatua ya 6: Ingieni kwa awamu tatu

Wekeni 200 leo, 200 baada ya mwezi, 200 mwezi unaofuata. Tuseme kipande kimoja cha mfuko ni 10 mwezi wa kwanza: mnapata vipande 20. Mwezi wa pili bei imeshuka hadi 8: mnapata 25. Mwezi wa tatu imerudi 10: mnapata 20. Sasa ana vipande 65, na kwa bei ya 10 vina thamani ya 650. Bei imerudi pale pale ilipoanzia, lakini yeye ana 50 za ziada, kwa sababu alinunua vingi zaidi bei ilipokuwa chini.

Uwe mkweli hapa pia. Soko likipanda miezi yote mitatu, aliyeweka zote 600 siku ya kwanza atakuwa mbele, na masoko yamekuwa yakipanda mara nyingi kuliko kushuka. Ninapendekeza awamu kwa sababu ya mafunzo: kijana ananunua mara tatu badala ya moja, na akibahatika, mojawapo ya mara hizo atanunua huku bei imeshuka na mkono unatetemeka kidogo.

*Kosa la kawaida:* kutoangalia ada ya muamala. Kama kila ununuzi unatozwa 10, awamu tatu zinakula 30, ambayo ni asilimia 5 ya pesa zote. Ikiwa hivyo, nunueni mara moja na somo la awamu lifanyieni daftarini.

Hatua ya 7: Fungu la kampuni moja

Hapa kijana yuko huru, ila kwa sharti kwamba aandike nusu ukurasa kujibu: kampuni hii inapata pesa wapi, ina madeni kiasi gani ukilinganisha na faida yake, na nini kinaweza kuiharibu? Majibu yamo kwenye ripoti yake ya mwaka. Hatayaelewa yote, na si lazima.

Kabla ya kununua rudieni kwenye ada, maana kwa kiasi kidogo ndiyo adui mkubwa kuliko soko. Dalali akitoza 10 kununua na 10 kuuza, zile 100 zinaingia sokoni zikiwa 90. Ili mtoke na 100 mkononi, hisa lazima zifike 110. Kutoka 90 hadi 110 ni kupanda kwa asilimia 22, ili tu msipate hasara. Tafuteni dalali anayetoza kwa asilimia, au anayeruhusu kununua sehemu ya hisa kwa ada ndogo. Mkikosa, nunueni "kwenye karatasi": andikeni bei ya leo, na zile 100 ziongezeni kwenye mfuko.

Mpwa wangu alichagua kampuni iliyotengeneza viatu alivyokuwa amevaa. Viatu vilikuwa vizuri kweli. Baada ya miezi minane 100 zake zilikuwa 58. Hakuamini, kwa sababu darasani kwao kila mtu bado alikuwa anavitaka. Tulirudi kwenye nusu ukurasa wake, na pale penye swali la madeni alikuwa ameandika "sijaangalia". Tukaangalia pamoja. Kampuni ilikuwa imekopa sana, na bei aliyonunulia tayari ilikuwa imebeba matumaini ya mauzo makubwa ambayo hayakutokea. Ndipo alipotenganisha vitu viwili ambavyo watu wazima wengi huvichanganya: bidhaa nzuri, na hisa iliyonunuliwa kwa bei nzuri.

Akitaka kujua mambo yanaweza kuwa mabaya kiasi gani, msimulie kuhusu Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Hisa yake ilifikia takriban dola 90 mwaka 2000. Desemba 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi baada ya udanganyifu wa hesabu kufichuka, na hisa ilikuwa chini ya dola moja. Wafanyakazi wengi walikuwa wameweka akiba ya uzeeni kwenye hisa za kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo walipoteza kazi na akiba pamoja. Mfuko wenye mamia ya kampuni, ukiwa na moja ya namna hiyo ndani yake, unapata mkwaruzo tu.

Hatua ya 8: Kuangalia mara nne kwa mwaka

Chagueni siku, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya kila robo mwaka. Siku hiyo kijana anafungua akaunti mbele yako na kuandika mstari mmoja wenye vitu vinne: tarehe, thamani ya mfuko, thamani ya kampuni, na sentensi moja ya namna anavyojisikia. Sentensi hiyo msiidharau. Baada ya miaka miwili atasoma "naona kama nimeibiwa" karibu na namba iliyokuja kupanda, au "mimi ni bingwa" karibu na iliyokuja kushuka, na hakuna mhadhara wako utakaoshindana na mwandiko wake mwenyewe.

Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, likiingia, lirudisheni kwenye mfuko kama inawezekana bila ada.

Mambo yakienda kombo

*Soko limeshuka na anataka kuuza.* Msifungue akaunti kwanza. Fungueni daftari, asome ahadi yake kwa sauti, kisha hesabuni zile siku 30. Zikiisha na bado anataka kuuza, mwache auze nusu. Pesa ni zake. Andikeni bei aliyouzia, na kila robo mwaka aandike bei ya siku hiyo pembeni yake. Usiseme "nilikwambia", hata kama ulimwambia.

*Anachungulia bei kila saa.* Ondoeni programu kwenye simu yake, nywila ibaki kwako hadi siku ya robo mwaka. Kama hilo linaleta ugomvi mkubwa, huenda kiasi kilichoko sokoni kimezidi uwezo wake wa kuvumilia. Hamisheni sehemu kwenda kwenye akiba. Kijana anayelala vizuri na 300 sokoni amejifunza zaidi ya anayeteseka na 600.

*Fungu la kampuni limepanda mara mbili na sasa anataka kuweka zote huko.* Hili linanitisha kuliko hasara. Rudini kwenye dadu: mwambie aanze na 100, arushe hadi apate 6 mbili mfululizo, kisha akueleze ni ustadi gani alioutumia. Halafu wekeni mpaka: fungu likizidi 200, uzeni ziada na kuihamishia kwenye mfuko.

*Rafiki amemletea mpango unaolipa asilimia 50 kwa mwezi na nusu.* Ofa hiyo ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1920 kule Boston, Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, akawalipa wa mwanzo kwa pesa za waliofuata, na mwaka huo huo mpango ukaanguka. Mfundishe maswali mawili ya kumuuliza rafiki: faida hiyo inatokana na kazi gani, na je, unalipwa kwa kuleta watu? Mwambie pia kwamba rafiki kuonyesha pesa alizolipwa si ushahidi. Mpango wa namna hii hulipa wa mwanzo kwa uaminifu mkubwa, ndiyo njia yake ya kuvuta wengine.

*Anataka sarafu za mtandaoni.* Zinaingia kwenye fungu la 100 na haziongezi hata senti juu yake. Nusu ukurasa uko palepale, na swali la kwanza, "inapata pesa wapi", ndilo litakalomchukua muda mrefu zaidi.

*Familia yetu haichukui riba.* Fungu la akiba liwekeni kwenye akaunti isiyo na riba, na kwa fungu kubwa ulizeni mifuko inayoendeshwa kwa kanuni za sharia. Mifuko hiyo huchuja benki za kawaida na kampuni zenye madeni makubwa. Someni ada kama kawaida, wakati mwingine huwa juu kidogo.

*Amefikisha miaka 18.* Mali haihami yenyewe kila mahali. Nendeni pamoja kwa dalali au kwa msimamizi wa mfuko, mbadilishe fomu ya umiliki, aweke nywila mpya usiyoijua, na namba yako ya simu itolewe kwenye akaunti. Daftari abaki nalo yeye.